Shajara ya mradi: Hisabati ya vikundi Darasa la Sita, kila mtoto na jukumu lake na karatasi yake

Jumatatu: tatizo la katibu

Naweka hapa maendeleo ya mradi wangu ili wenzangu wa kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, wafuatilie hatua kwa hatua, na mwenye darasa kubwa kama langu achukue kinachomfaa. Darasa la Sita, watoto 72, mada ni mzingo na eneo, na Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80.

Nimeanza kwa kukaa nyuma ya darasa la mwenzangu, kaniruhusu mwenyewe, nikawa naangalia vikundi tu. Kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti na katibu, kama tulivyozoea wote tangu tuko shule. Nikachagua kimoja nikakifuatilia mwanzo mpaka mwisho. Katibu ndo alikuwa anajua hesabu kuliko wenzake, na kalamu walimpa kwa sababu hiyohiyo, basi akainama akafanya maswali yote peke yake, mwenyekiti kazi yake ikawa kuwaambia wengine wanyamaze, mwingine pembeni anachora mpira nyuma ya daftari. Mwisho wa kipindi kikundi kimepata zote. Nikamuuliza yule wa mpira, hili la tatu mmelipataje? Akamwangalia katibu.

Mtoto yule siwezi kumlaumu hata kidogo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa inawezekana kumalizika bila yeye. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo aliyochapisha mwaka 1913 yanaonyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, nguvu anayotoa kila mmoja inapungua. Hao ni watu wazima na kamba. Sasa mtoto wa miaka 11 ambaye hana uhakika na hesabu, pembeni yake kuna mwenye uhakika, kalamu iko moja, unategemea nini?

Kwa hiyo maswali ya mradi ni mawili. Nitatengenezaje kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake hata akitaka, na nitajuaje mwisho wa kipindi kila mtoto amebaki na nini kichwani, wakati siwezi kusahihisha karatasi 72 kila jioni.

Jumanne: kadi za majukumu

Kwenye faili la shule kuna orodha ya majukumu ya vikundi: mwenyekiti, katibu, mtunza muda, mkokotoaji. Nimeliondoa la mkokotoaji kabla ya kitu kingine chochote. Ukishamteua mtu mmoja kuwa mkokotoaji umewaambia watatu waliobaki kwamba kukokotoa si kazi yao, na hiki ni kipindi cha Hisabati! Mtunza muda naye nimemtoa, hiyo kazi inachukua sekunde chache tu na anayeifanya anakuwa amepata kisingizio cha kuangalia saa badala ya kazi.

Kanuni ninayoifuata saivi ni hii, jukumu ligawe namna ya kufanya kazi, hesabu yenyewe isigawanywe. Nimebaki na manne, vikundi vya watu wanne, vikundi 18.

Msimamizi wa zamu anahakikisha kila mtu amesoma kadi yake ya taarifa za swali na hakuna anayeongea mara ya pili kabla wengine hawajaongea mara ya kwanza. Mwenye vijiti ndo pekee anayeruhusiwa kugusa vijiti vya kujengea umbo la swali, wengine wanamwelekeza kwa maneno. Mwandishi anaandika yale tu anayotajiwa na mwenzake, wazo lake mwenyewe haandiki mpaka mwingine alirudie kwa maneno yake. Mhoji kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" kila linapotokea jibu, na yeye ndo anayeninyooshea mkono wakikwama.

Hilo la Mwandishi ndo nimelifikiria kuliko yote. Ukimfunga Mwandishi asiandike la kwake, yule mtoto mwepesi akipewa kalamu hawezi kukimbia nayo, lazima aeleze mpaka mwenzake aweze kulirudia, na mwenzake akishaweza kulirudia ujue kuna kitu kimeingia. Hata hivyo wiki hii wale wepesi sijawapa uandishi, nimewapa uhoji, ili nguvu yao iende kwenye kuuliza. Vijiti nimewapa watoto ambao darasani huwa hawasikiki. Hapa nafuata alichoonyesha Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwamba kwenye kikundi anayeonekana na wenzake kuwa ana akili ndo anayeongea zaidi, na anayeongea zaidi ndo anayejifunza zaidi, kwa hiyo pengo linazidi kupanuka ndani ya kikundi chenyewe usipolipangia. Mtoto mkimya akiwa ndo mwenye vijiti, kikundi hakiwezi kusogea hatua bila mikono yake, hata yule mwepesi itabidi aongee naye.

Wiki ijayo majukumu yanasogea nafasi moja, na inayofuata hivyohivyo, mpaka kila mtoto azunguke yote manne.

Jumatano: banda la kuku

Nimekaa na kazi yenyewe leo karibu jioni nzima, kwa sababu majukumu hata yawe mazuri namna gani, kama swali ni "tafuta eneo la mstatili wa sm 5 kwa sm 8" hakuna cha kujadili, mmoja anazidisha imeisha.

Nimechagua banda la kuku linaloegemea ukuta wa nyumba. Taarifa nimezigawa kwenye kadi nne, kila mtoto moja, na sheria ni kwamba kadi unaisoma kwa sauti, humpi mwenzako wala humwonyeshi:

Kadi A: Mama ana wavu wa mita 24 na anataka utumike wote.
Kadi B: Upande mmoja wa banda ni ukuta wa nyumba, pale hapawekwi wavu.
Kadi C: Banda ni mstatili, na pande zake ni mita kamili, hakuna nusu.
Kadi D: Kuku ni 280, na kila mita moja ya mraba inatosha kuku 4.

Swali la kikundi liko ubaoni: banda liwe na upana gani na urefu gani ili kuku wote waenee? Tafuteni majibu yote yanayowezekana. Tumekubaliana upana ni ule upande unaotoka ukutani, urefu ni ule unaokwenda sambamba na ukuta.

Angalia kinachotokea ukiifanya. Upana ukiwa mita 1, wavu unaobaki ni 22, eneo ni mita za mraba 22. Upana 2, urefu 20, eneo 40. Upana 3 unapata 54, upana 4 unapata 64, upana 5 unapata 70, upana 6 unapata 72, upana 7 unarudi 70, upana 8 unarudi 64. Kuku 280 wanahitaji mita za mraba 70, kwa hiyo majibu ni matatu: 5 kwa 14, 6 kwa 12, na 7 kwa 10. Lenye nafasi kubwa kuliko yote ni 6 kwa 12.

Kilichonifanya niipende ni kwamba makosa yote mawili ninayoyategemea yanakamatwa na kadi zenyewe, bila mimi. Kikundi kikisahau ukuta, kitagawa 24 kwa 4, kitapata 6 kwa 6, eneo 36, kuku 144, na mwenye kadi D ataona karibu nusu ya kuku hawana mahali. Na kikundi kinachokumbuka ukuta lakini kinaamini mraba ndo unashinda siku zote (tuliwafundisha wenyewe kwamba kwa mzingo uleule mraba ndo wenye eneo kubwa, na ni kweli pale wavu unapozunguka pande zote nne) kitagawa 24 kwa 3, kitapata 8 kwa 8, eneo 64, kuku 256. Kuku 24 wako nje. Hapo ugomvi mzuri wa hesabu unaanza.

Vijiti ni chelewa za fagio, nimezikata vipande vya sentimita 3, kila kikundi 24, kila kijiti ni mita moja ya wavu. Rula ndo ukuta. Nilijaribu mezani kwangu, banda la 6 kwa 12 linachukua sentimita 18 kwa 36, linaenea kwenye dawati. Ukikata virefu zaidi ya hapo yale marefu membamba yatamwagika chini.

Watoto ambao kusoma bado kunawasumbua nimewapangia kadi B na C, hazina namba za kukariri, na dakika mbili za mwanzo wanaruhusiwa kugeuka kumuuliza mwenye herufi kama yao kwenye kikundi cha jirani. Mtoto akisoma kadi yake kwa kukwamakwama mbele ya wenzake mara ya kwanza, mara ya pili hataki kadi kabisa.

Alhamisi: kipindi chenyewe

Mgawanyo wa dakika 80 ulikuwa hivi: 10 za kuelezea, 5 za kusoma kadi, 30 za kazi, 10 za kuripoti, 15 za karatasi ya mtu mmojammoja, 10 za kumalizia.

Kelele zilikuwepo, siwezi kuficha, lakini ukisogea karibu unasikia ni kelele za "saba na saba kumi na nne, inabaki ngapi". Nilikuwa na sheria moja kwa upande wangu. Mhoji akininyooshea mkono, nikifika simuulizi yeye, namgeukia yeyote kati ya wale watatu namuuliza "swali lenu ni lipi?", asipoweza kulisema naondoka, nawaambia nitarudi mkishalijua wote. Mwanzoni wananiangalia kama nimewakasirikia. Baada ya muda mikono ikapungua sana, kwa sababu kumbe mara nyingi wakianza kuelezana swali wanakuta jibu wanalo tayari.

Kuna kikundi karibu na dirisha nilisimama kwa muda. Walishafika 8 kwa 8 na Mwandishi ameshapiga mstari chini. Binti mwenye kadi D, ambaye kwa kawaida simsikii mpaka nimwite jina, akasoma kadi yake tena, sauti ndogo, kuku 280. Mhoji akasema inatosha, mraba ndo mkubwa, Mwalimu alisema. Binti akazidisha 64 kwa 4 kwenye kiganja, akasema "mbona kuku wengine hawana pa kulala?" Wakakaa kimya. Afu mwenye vijiti, bila kuambiwa na mtu, akaanza kutoa kijiti kimoja kila upande wa upana na kuviweka viwili kwenye urefu, banda likawa 7 kwa 10, wakahesabu 70. Akatoa tena, 6 kwa 12, 72. Akatoa tena, 5 kwa 14, 70. Hapo wote wanne vichwa viko juu ya dawati. Mhoji ndo akauliza sasa, kwa dhati kabisa, "kwanini imepanda afu ikashuka?"

Nikapiga makofi mawili kusimamisha darasa zima, nikasema mbele ya wote kwamba yule binti amekataa jibu kwa kulipima na kadi, na hiyo ni kazi ya Hisabati. Cohen na wenzake wanalisisitiza hili, mtoto ambaye wenzake hawamhesabu akifanya jambo la maana liseme hadharani, na useme hasa amefanya nini. "Vizuri sana" peke yake haimsaidii, wenzake hawajui wamheshimu kwa lipi.

Kuripoti hakukufanywa na Mwandishi. Nina vizibo vinne vya soda vimeandikwa A, B, C, D ndani ya mfuko, nikachomoa, ikatoka B, wenye kadi B wa vikundi vyote wakasimama na nikachagua watatu waeleze. Tangu mwanzo darasa lilijua kwamba herufi itajulikana dakika ya mwisho tu, kwa hiyo vikundi vingi nilivisikia vinafanya mazoezi, "we ukiulizwa utasemaje?"

Alhamisi jioni: karatasi za mtu mmojammoja

Hii ndo sehemu ambayo bila yake nisingekuwa na uwajibikaji wowote, ningekuwa na vikundi vyenye majibu mazuri tu.

Kila herufi ilikuwa na karatasi yake. A wavu wa mita 12 na upana wa kulinganisha ni 2, 3 na 4. B mita 36, upana 8, 9 na 12. C mita 48, upana 11, 12 na 16. D mita 60, upana 14, 15 na 20. Banda linaegemea ukuta kama lile la kikundi. Kokotoa eneo kwa kila upana, sema lipi kubwa, afu sentensi moja ya kwanini ule mraba haukushinda. Kwenye kila karatasi upana wa tatu ndo unaotoa mraba. Namba zinatofautiana kwa hiyo kuchungulia kwa jirani hakumsaidii mtu, ila hatua ni zilezile, na nimewapa upana wa kulinganisha makusudi ili mwenye mita 60 asilazimike kuandika mistari 29 wakati mwenye mita 12 ana mitano tu.

Kwenye kusahihisha sasa. Nilichomoa kizibo cha pili, ikatoka D, nikakusanya karatasi za D peke yake, moja kila kikundi, yaani 18. Zilizobaki zilibaki kwenye madaftari, majibu nikayaandika ubaoni wakajisahihisha. Karatasi 18 nazisoma vizuri jioni moja na kuandika neno kwenye kila moja, 72 ningeishia kupiga vema na kosa bila kusoma sentensi. Na kwa kuwa hakuna anayejua kizibo kipi kitatoka, wote wanaandika kama ndo wao.

Majibu sahihi ya D ni 448, 450 na 400. Kuna kitu kizuri nilikigundua wakati natunga na kimenirahisishia sana usiku huu: mtoto akisahau ukuta, kila jibu lake linakuwa nusu kamili ya jibu sahihi, yaani 224, 225 na 200. Haijalishi wavu ni mita ngapi wala upana ni upi. Kwa wavu uleule na upana uleule, banda la ukutani linapata urefu mara mbili, kwa hiyo na eneo mara mbili. Na anayetoa upana mara moja badala ya mara mbili anapata namba kubwa kupita kiasi, 60 kutoa 14 anabaki na 46, eneo 644. Ukiangalia namba tu umeshajua kichwani mwake kuna nini.

Nyingi zilikuwa sawa. Chache zilikuwa nusu kamili, na hizo nikazilinganisha na manila za vikundi vyao: manila ziko sahihi kabisa, majibu yote matatu yapo. Yaani kikundi kinajua, mtoto hajui. Hii ndo taarifa ambayo manila isingenipa hata kidogo. Kuna na moja ambayo mahesabu yako sawa, 450 inaonekana waziwazi kuwa kubwa, lakini chini ameandika kubwa ni mraba, 400. Huyo anaamini alichoambiwa kuliko alichokokotoa, nitaongea naye taratibu.

Ijumaa: kuhusu alama

Kwenye kikao mwenzangu mmoja kapendekeza karatasi iliyochomolewa iwe ndo alama ya kikundi kizima, ili wasaidiane kwa nguvu. Nimemwelewa, lakini sikubali. Mtoto wa B aliyefanya kazi yake vizuri hawezi kupewa sifuri kwa karatasi ya D, mzazi akija kuuliza hutakuwa na la kumjibu, na vibaya zaidi wenzake watamchukia yule aliyekosa.

Ninachofanya ni kutenganisha. Alama za kwenye fomu ya maendeleo zinatoka kwenye jaribio la kila mtu peke yake mwisho wa mada, basi. Karatasi ya kizibo haina alama, ina matokeo mawili tu: kikundi kimeiva kinaendelea mbele, au kikundi kinarudi mezani dakika 10 na mwenye karatasi anaelezwa na wenzake, afu anafanya nyingine yenye namba mpya. Leo asubuhi vikundi vilivyorudi nilivipa wavu wa mita 20, upana 4, 5 na 6, majibu ni 48, 50 na 48, na sheria ikawa anayesaidia haruhusiwi kushika kalamu.

Kwa pongezi za kikundi nachukua wazo la Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kikundi kinasifiwa kwa jinsi kila mmoja alivyopanda kutoka pale alipokuwa yeye mwenyewe. Mtoto anayepata 30 akifika 45 anakiletea kikundi chake kitu, na yule wa 90 naye ana sababu ya kumsaidia. Nitaanza kuandika alama za kuanzia za kila mtoto kwenye daftari langu Jumatatu, zitoke kwenye jaribio la mada iliyopita.

Yaliyobaki kabla ya wiki ijayo

Watoro. Jana vikundi viwili vilikuwa na watu watatu na kadi moja ikakosa msomaji. Nimeamua kadi ya asiyekuwepo isomwe na Msimamizi wa zamu, na kama jukumu lililokosa mtu ni la vijiti au uandishi, hayo mawili yashikwe na mtu mmoja. Mhoji haunganishwi na jukumu lolote, nimeona akishapewa kitu cha kushika mkononi haulizi tena.

Mada inayofuata ni asilimia. Nimeshaanza kutunga kadi za duka la nguo, bei ya kununua, faida, punguzo, ila bado naona mtu mmoja akizisikia zote nne anaweza kumaliza peke yake kwa hatua mbili, hakuna pa kubishana kama kule kwenye 8 kwa 8. Natafuta namba ambazo kuongeza asilimia 20 afu kupunguza asilimia 20 zitaonekana kama zinarudisha bei palepale, halafu kadi ya nne iwaonyeshe kwamba shati la 10,000 limeishia 9,600.